Seva Moja Kubwa au Seva Nyingi: Mahali Ambapo Kila Njia Hufika Kikomo

Hotuba kwa watunzaji wa hifadhidata na waandishi wa programu, Kampala

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mabibi na mabwana,

Seva ya hifadhidata inapoanza kulemewa, mezani huletwa mapendekezo mawili. La kwanza ni upanuzi wa wima: kuiongezea seva ileile kumbukumbu, viini vya prosesa na diski yenye kasi zaidi, au kuibadilisha kwa mashine kubwa kuliko hiyo. La pili ni upanuzi wa mlalo: kuweka mashine kadhaa zigawane kazi. Mara nyingi mjadala huendeshwa kana kwamba njia hizi mbili hutofautiana kwa bei tu, na kana kwamba ya pili huanza pale ya kwanza inapoishia. Leo nataka kuonyesha kwamba kila moja ina kikomo chake, kwamba vikomo hivyo hutokana na sababu tofauti kabisa, na kwamba kuna aina ya mzigo ambao hakuna hata mojawapo inayoupunguza.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chukueni mfumo wa kukusanya ada za shule kwa njia ya pesa za simu. Wazazi walioko Arua, Mbale, Kabale na kwingineko wanalipa kwa simu, mfumo unaandika malipo, unapunguza deni la mwanafunzi na kuongeza salio la akaunti ya makusanyo, ambamo fedha hukaa kabla ya kugawiwa shule. Hifadhidata ni PostgreSQL, na jumla ya data ni gigabaiti 400. Kwa miezi mingi hakuna anayelalamika. Lakini muhula wa kwanza unapofunguliwa mwezi Februari, wazazi wa nchi nzima hulipa ndani ya siku chache, na mfumo unasimama. Tarakimu nitakazotumia ni za kukadiria, ila nimezichagua zilingane na mashine za kawaida.

Tuanze na upanuzi wa wima, kwa kuwa ndio unaostahili kujaribiwa kwanza, na sisemi hivyo kwa sababu ya uvivu. Seva ya mfano wetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 16. Data yote ni gigabaiti 400, lakini haitumiki yote kwa wakati mmoja: siku za kufungua shule, zinazoguswa ni rekodi za muhula huu, orodha ya wanafunzi na faharasa zake, ambazo tuseme ni gigabaiti 40. Data hiyo inayoguswa mara kwa mara haienei katika gigabaiti 16, hivyo kurasa zinaingizwa kutoka diskini, zinafukuzwa na nyingine, kisha zinahitajika tena baada ya sekunde chache. Kusoma ukurasa kutoka kwenye kumbukumbu ni kazi ya sehemu ndogo sana ya mikrosekunde, ilhali kuusoma kutoka kwenye diski nzuri ya kielektroniki huchukua mikrosekunde 100 hivi. Ndiyo maana kushuka kidogo kwa kiwango cha kurasa zinazopatikana kwenye kumbukumbu huumiza kuliko kunavyoonekana kwenye karatasi. Kiwango hicho kikishuka kutoka asilimia 99 hadi 90, mtu anaweza kudhani amepoteza asilimia tisa, kumbe safari za kwenda diskini zimeongezeka mara kumi, kutoka moja katika kila mia hadi kumi katika kila mia.

Mkiongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 64, zile gigabaiti 40 zinaenea zote na nafasi inabaki. Hapo mabadiliko ni makubwa, na hayahitaji kugusa mstari hata mmoja wa programu. Lakini angalieni kinachofuata. Mwaka unaofuata mtu anakumbuka jinsi ongezeko lile lilivyosaidia, naye anaomba gigabaiti 256. Safari za diskini zilikwisha karibu kutoweka, kwa hiyo gigabaiti 192 za nyongeza hazina cha kupunguza. Kikomo cha kumbukumbu ni pale data inayoguswa inapoenea. Kabla ya hapo kila gigabaiti ina thamani, na baada ya hapo thamani yake hushuka ghafla.

Viini vya prosesa vina tabia nyingine: havikomi ghafla, bali hupungukiwa na manufaa polepole. Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza jambo ambalo hadi leo halijakanushwa, kwamba sehemu ya kazi isiyoweza kufanywa sambamba ndiyo inayoamua kasi ya juu kabisa mtakayoipata. Ikiwa asilimia 5 ya kazi lazima ifanywe kwa foleni, basi viini 16 vitaleta kasi ya mara tisa hivi ya kiini kimoja, viini 32 mara kumi na mbili na nusu, na viini 64 mara kumi na tano tu. Hata mkiwa na viini visivyohesabika, hamtavuka mara ishirini. Na hesabu hiyo bado ni ya upole. Neil Gunther aliongeza gharama ya viini kupatana wao kwa wao juu ya data wanayoshirikiana, na gharama hiyo ikiwemo, mchoro wa kasi hufika kilele kisha ukaanza kuteremka. Mashine kubwa zaidi inaweza kufanya kazi kidogo kuliko ile iliyotangulia.

Kwa hiyo swali lenye uzito ni hili: katika mfumo wetu wa ada, ni sehemu ipi inayofanywa kwa foleni? Hapa naomba tukae kwa muda, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Kila malipo ni muamala mmoja wenye amri tatu. Ya kwanza inaongeza salio la akaunti ya makusanyo, ya pili inaandika malipo, ya tatu inapunguza deni la mwanafunzi, kisha `COMMIT` inafunga muamala. Mwanafunzi wa Arua na mwanafunzi wa Kabale hawagusani: kila mmoja ana mstari wake katika jedwali. Lakini akaunti ya makusanyo ni mstari mmoja, na kila malipo ya nchi nzima lazima yaubadilishe. PostgreSQL huuwekea mstari huo kufuli mara `UPDATE` inapougusa, na hailiachii kufuli hilo hadi muamala ukamilike, yaani hadi mabadiliko yaandikwe na kuthibitishwa diskini katika lile daftari la mabadiliko linaloitwa WAL. Muamala mwingine wowote unaoutaka mstari ule husubiri mlangoni.

Tuhesabu muda wa kufuli hilo. Baada ya amri ya kwanza, programu inapokea jibu na kutuma amri ya pili, inapokea jibu na kutuma ya tatu, inapokea jibu na kutuma `COMMIT`. Hizo ni safari tatu za mtandao kati ya seva ya programu na seva ya hifadhidata, na kila moja ikichukua nusu milisekunde tunapata milisekunde 1.5. Kutekeleza amri zenyewe tuseme ni nusu milisekunde. Kuthibitisha daftari diskini, milisekunde 2. Jumla ni milisekunde 4. Basi ndani ya sekunde moja, mstari ule unaweza kupitiwa na malipo 250, wala hauwezi kupitiwa na malipo 251. Viini vikiwa 4 au 64, kumbukumbu ikiwa gigabaiti 16 au 256, kikomo ni kilekile.

Siku ya kawaida malipo ni machache na kikomo hakionekani. Asubuhi ya kufungua shule yanafika malipo 300 kwa sekunde. Yanayozidi ni 50 tu kila sekunde, lakini foleni haipungui, inakua. Baada ya dakika moja waliosubiri wangekuwa 3,000. Kwa kweli hawafiki huko, kwa sababu PostgreSQL iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani hukubali miunganisho 100 tu. Ndani ya sekunde chache miunganisho yote imeshikwa na watu wanaosubiri mstari mmoja, na hata mhasibu wa shule anayetaka kuangalia orodha tu anakataliwa. Wakati huohuo mita ya prosesa inaonyesha shughuli ya asilimia 15. Seva imepumzika na mfumo umesimama. Anayeona hali hiyo na kuagiza seva kubwa zaidi ataongeza mapumziko ya seva, hataongeza malipo.

Namna ya kuitambua hali hii mapema ni kuiuliza hifadhidata yenyewe inasubiri nini. Swali ni fupi, na lafaa liulizwe mara kadhaa wakati mzigo ukiwa juu, kwa kuwa jibu moja ni picha ya nukta moja ya wakati:

```sql
SELECT wait_event_type, wait_event, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'active'
GROUP BY 1, 2
ORDER BY 3 DESC;
```

Mkiona wengi wapo kwenye `IO` na `DataFileRead`, data inayoguswa haienei katika kumbukumbu, na gigabaiti zaidi zitasaidia. Mkiona `WALSync`, au `WalSync` katika matoleo mapya, diski inachelewa kuthibitisha daftari, na diski bora itasaidia. Nafasi ya kusubiri ikiwa tupu kwa wengi, wanafanya kazi kwenye prosesa au wanagombea zamu yake, na viini zaidi vinaweza kusaidia. Lakini mkiona `Lock` pamoja na `transactionid` au `tuple`, watu wanasubiriana wao kwa wao, na hakuna kiini wala gigabaiti itakayowaachanisha.

Sasa tugeukie upanuzi wa mlalo. Hatua yake ya kwanza, na iliyo rahisi, ni kuweka seva nakala. Seva kuu inapokea maandiko yote, inapeleka daftari lake kwa nakala, nazo zinajibu maswali ya kusoma. Kwa taarifa za wahasibu, kwa wazazi wanaoangalia deni, kwa ripoti za mwisho wa wiki, njia hii ni nzuri sana. Hata hivyo mipaka yake haiko mbali. Kila nakala hulazimika kurudia kila andiko lililofanywa kwenye seva kuu, kwa kuwa bila hivyo haiwi nakala. Ikiwa maandiko yanachukua asilimia 40 ya uwezo wa mashine, basi nakala mpya inawaletea asilimia 60 tu ya mashine mliyoinunua. Maandiko yakifika asilimia 90, kila nakala inaleta kumi. Katika PostgreSQL kurudia daftari ni kazi nyepesi kuliko kuliandika mara ya kwanza, kwa hiyo hesabu halisi ni nafuu kidogo, lakini kuna upande mwingine wa jambo: marudio hayo hufanywa na mchakato mmoja tu, ilhali kwenye seva kuu michakato mingi huandika kwa pamoja. Mzigo wa kuandika ukiwa mkubwa, nakala huanza kubaki nyuma.

Kubaki nyuma huko kuna sura ya kibinadamu. Mzazi analipa shilingi 500,000, anapata ujumbe kwamba malipo yamepokelewa, anafungua ukurasa wa deni ambao unasomwa kutoka kwenye nakala iliyochelewa kwa sekunde nane, na deni liko palepale. Analipa tena. Kwa hiyo nashauri sana kwamba mtu aliyetoka kuandika asomewe kutoka seva kuu kwa muda mfupi, na kwamba ucheleweshaji uangaliwe kila mara kwenye safu ya `replay_lag` katika `pg_stat_replication`, ili nakala iliyobaki nyuma mno iondolewe kwenye usomaji hadi itakaposhika njia.

Wengine husema dawa ya ucheleweshaji ni kuifanya seva kuu isubiri nakala ithibitishe kabla ya muamala kukamilika. Kwa usalama wa fedha ni wazo lenye nguvu, lakini tazameni linavyofanya kwa ule mstari wetu. PostgreSQL huendelea kushikilia kufuli wakati wote inapoisubiri nakala. Tuseme nakala imewekwa Mbarara, kilomita zipatazo 270 kwa barabara kutoka hapa, ili moto au kukatika kwa umeme Kampala kusitupoteze. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi tu, kebo ikifuata barabara, ni karibu milisekunde 2.7, na vifaa vya njiani vinaongeza vyao. Tuseme yote ni 6. Kufuli la milisekunde 4 sasa ni la milisekunde 10, na kikomo cha malipo 250 kwa sekunde kimeshuka hadi 100. Tumeongeza mashine, na mfumo umepungua uwezo kwa zaidi ya nusu. Sisemi nakala hiyo isiwekwe. Nasema ihesabiwe kama gharama ya usalama, wala isiandikwe kwenye bajeti kama ongezeko la kasi.

Hatua ya pili ya upanuzi wa mlalo ni kugawa data yenyewe vipande, kila seva ikibeba kipande chake na kuandika peke yake. Hii ndiyo njia pekee ya mlalo inayoongeza uwezo wa kuandika. Kila kitu hapa hutegemea ufunguo wa kugawia. Tukigawa kwa shule, malipo ya shule moja na wanafunzi wake hukaa pamoja, na miamala mingi humalizika ndani ya seva moja. Lakini ile akaunti ya makusanyo bado ni moja, nayo lazima ikae kwenye kipande kimoja. Tukiwa na seva kumi, zote zitapanga foleni mbele ya seva moja, mbele ya mstari mmoja, na sasa foleni hiyo inapita mtandaoni. Vipande kumi havikuongeza lolote juu ya zile 250, na pengine vimepunguza.

Kugawa vipande kuna gharama nyingine ambazo hazionekani siku ya kwanza. Mzazi mwenye mtoto Gulu na mwingine Masaka anayelipia wote kwa pamoja anagusa seva mbili, na ili fedha zisiandikwe upande mmoja tu, muamala unapita awamu mbili: seva zote mbili zinatayarisha, kisha zote zinathibitisha. Mratibu akizimika kati ya awamu hizo, makufuli yanabaki yameshikwa hata seva ikiwashwa upya, na mtunzaji asiyejua kuangalia `pg_prepared_xacts` atatafuta chanzo usiku kucha. Ripoti ya nchi nzima nayo inalazimika kungoja seva iliyo ya mwisho kujibu. Ikiwa kila seva huchelewa mara moja katika mia, ripoti inayouliza seva 20 itachelewa karibu mara 18 katika mia, ingawa hakuna seva iliyozidi kuwa mbaya.

Basi mfumo wetu wa ada utoke vipi? Kwanza kwa kupanga upya amri, jambo lisilogharimu hata shilingi. Amri inayogusa akaunti ya makusanyo ihamishwe iwe ya mwisho kabla ya `COMMIT`. Kufuli sasa linashikwa kwa safari moja ya mtandao na uthibitisho wa diski tu, yaani milisekunde 2.5 hivi, na kikomo kinapanda kutoka 250 hadi 400. Hapo upanuzi wa wima unapata tena nafasi, lakini mahali pamoja pa uhakika: diski inayothibitisha kwa milisekunde 0.2 badala ya 2 inafupisha kufuli hadi milisekunde 0.7, na malipo yanaweza kufika 1,400 kwa sekunde. Fedha ileile ikitumika kwenye viini isingebadilisha kitu. Jihadharini tu na diski za bei nafuu zinazojibu haraka kwa kudai zimeandika ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu yao isiyohimili kukatika kwa umeme. Kwa nchi yetu hilo si jambo la nadharia.

Pili, mstari mmoja ugawanywe kuwa mafungu. Akaunti ya makusanyo iwe na mistari 16, kila malipo yaongeze fungu moja, na salio liwe jumla ya yote:

```sql
UPDATE salio SET kiasi = kiasi + $1
WHERE akaunti = 'MAKUSANYO' AND fungu = $2;
```

Nambari ya fungu ichaguliwe na programu kabla ya kutuma amri. Mkiandika `random()` ndani ya `WHERE`, itahesabiwa upya kwa kila mstari, na malipo moja yanaweza kuongezwa kwenye mafungu mawili au yasiongezwe popote. Foleni moja inakuwa foleni 16 fupi, na miamala ya mafungu tofauti inaweza kuthibitishwa diskini kwa mkupuo mmoja. Gharama yake ni kwamba kusoma salio kunahitaji kujumlisha mistari 16, na kwamba sharti kama «salio lisipungue sifuri» haliwezi tena kukaguliwa kwenye mstari mmoja. Kwa akaunti inayopokea tu, hiyo si hasara. Kwa akaunti inayotoa fedha, mafungu hayafai yalivyo, na ni heri kila malipo yaandikwe kama mstari mpya katika leja, kisha salio likokotolewe na kazi moja inayopita kila baada ya sekunde chache.

Baada ya hayo, rudini kwenye lile swali la kusubiri. `Lock` ikiwa imetoweka na `WALSync` ikatawala hata kwenye diski bora, au prosesa ikijaa kwa kazi ya kweli, na mashine iliyopo ni kubwa kabisa mnayoweza kuipata na kuimudu, ndipo kugawa kwa shule kutakapoleta faida kamili, kwa kuwa hakutakuwa tena na mstari ambao seva zote zinaugombea: kila kipande kitabeba mafungu yake ya makusanyo, na jumla ya nchi itapatikana kwa upatanisho wa usiku.

Asanteni kwa kunisikiliza.